Kontena liko wapi kweli? Mwongozo kamili wa kufuatilia mzigo kutoka China hadi Dar es Salaam

Asubuhi ya tarehe 23 Machi mzee mmoja anayeuza vipuri vya pikipiki Kariakoo alinitumia picha ya simu yake. Ilikuwa ukurasa wa kampuni ya meli, na chini kabisa pameandikwa kwamba kontena lake litafika Dar es Salaam tarehe 1 Aprili. Akafuatisha ujumbe wa sauti: "Kijana wangu, umeona? Nakwenda kukopa hela ya ushuru leo, na wewe nipangie lori la tarehe 3."

Nikamwomba asikope. Kwenye picha ileile kulikuwa na mstari mmoja unaoashiria kwamba mzigo wake huenda bado uko Colombo, Sri Lanka, na meli iliyotakiwa kuubeba ilikwisha ondoka siku tatu nyuma. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuuona mstari kama huo. Nitaufuata mzigo wa mzee tangu bandari ya Yantian, kusini mwa China, hadi kontena tupu liliporudishwa, kwa sababu kila kasoro ya trakingi ninayoijua ilijitokeza humo njiani.

Anza na namba

Kampuni ya meli inatambua namba tatu tu: ya bukingi, ya hati ya shehena (BL) iliyotoa yenyewe, na ya kontena. Wafanyabiashara wetu wengi husafirisha kupitia wakala wa mizigo aliyeko China, na wakala huyo huwapa hati yake mwenyewe. Ukiiingiza namba ya hati hiyo kwenye ukurasa wa kampuni ya meli utajibiwa haipo, nawe utadhani umetapeliwa. Mwombe wakala akupe namba ya hati kuu, ile aliyopewa na kampuni ya meli.

Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, mfano `CSQU3054383`. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, inatokana na hesabu ya herufi na tarakimu kumi zilizotangulia. Karani wa getini akikosea tarakimu moja, kwa kawaida hesabu hiyo inagoma na mfumo unaikataa taarifa. Ni kinga nzuri, ila ina gharama yake: taarifa iliyokataliwa inabaki kwenye foleni mpaka mtu aje airekebishe. Hiyo ni sababu mojawapo ya kontena kuingia bandarini Ijumaa usiku na kuonekana mtandaoni Jumatatu.

Jua nani anasema

Ukurasa wa trakingi unaonekana kama jicho moja linalolitazama kontena muda wote. Hakuna jicho la namna hiyo. Kila mstari umetoka kwa mtu au mashine tofauti, na kampuni ya meli imeipanga tu kwa tarehe.

Kuingia getini, kupakiwa melini na kushushwa kunaripotiwa na mwendesha gati. Yeye ana mfumo wake, na hutuma taarifa kwa kampuni ya meli kwa mafungu. Wengine hutuma kila baada ya muda mfupi, wengine wanangoja meli nzima imalizwe ndipo watume orodha yote pamoja. Kuondoka na kufika kwa meli kunaripotiwa na nahodha au wakala wa meli. Tarehe ya kufika unayoiona wiki tatu kabla haijaripotiwa na mtu yeyote: imechukuliwa kwenye ratiba ya safari, na inakaa hapo mpaka ofisi inayoshughulika na ratiba iibadilishe.

Kuna tabaka moja zaidi. Kampuni za meli hukodishiana nafasi, kwa hiyo kontena la kampuni moja linaweza kuwa juu ya meli ya nyingine. Hapo taarifa inatoka gatini, inakwenda kwa mwenye meli, ndipo inafika kwa aliyekuuzia nafasi. Kila mmoja ana jina lake la njia hiyo na namba yake ya safari. Nimewahi kuona meli moja, safari moja, ikiwa na namba tatu tofauti kwenye kurasa tatu, na zote zilikuwa sahihi. Ndiyo maana usifananishe safari kwa namba ya safari. Tumia namba ya `IMO` ya meli, ile yenye tarakimu saba, kwa sababu haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina au mmiliki.

Soma mstari kwa maswali manne

Kwa kila mstari jiulize: ni tukio gani, limetokea wapi, limetokea au limepangwa tu, na lini. Swali la tatu ndilo watu wanaloliruka. Mwaka 2019 kampuni kubwa za meli ziliunda chama kinachoitwa DCSA ili zikubaliane jinsi ya kuandika matukio haya, na katika utaratibu wake kila tukio lina alama moja kati ya tatu: `PLN` ni mpango, `EST` ni makadirio, `ACT` ni jambo lililokwisha tokea. Kwenye kurasa za wateja alama hizi mara nyingi zinageuzwa kuwa rangi, au duara lililojazwa na lisilojazwa, na kwenye simu yenye kioo kidogo hutaziona.

Ukiipata data yenyewe badala ya ukurasa, tukio la kontena la mzee kushushwa Colombo lilikuwa hivi, nikiacha sehemu ambazo hazituhusu:

```
{
  "eventType": "EQUIPMENT",
  "equipmentEventTypeCode": "DISC",
  "eventClassifierCode": "ACT",
  "eventDateTime": "2025-03-16T04:20:00+05:30",
  "eventCreatedDateTime": "2025-03-18T01:10:00Z",
  "UNLocationCode": "LKCMB"
}
```

`DISC` ni kushushwa, `LKCMB` ni Colombo. Angalia sasa zile saa mbili. Ya kwanza ni wakati kontena liliposhuka, kwa saa za Sri Lanka, ambazo zimeitangulia Greenwich kwa saa tano na nusu. Ya pili ni wakati taarifa ilipoandikwa kwenye mfumo, na ile `Z` inamaanisha saa za Greenwich. Ukizirudisha zote kwenye saa za Greenwich, kontena lilishuka tarehe 15 saa 22:50 na taarifa ikaandikwa tarehe 18 saa 01:10. Tofauti ni saa 50 na dakika 20. Kwa siku mbili nzima kontena lilikuwa chini, na ukurasa ukionyesha liko melini.

Ucheleweshaji huo si hitilafu ya siku ile tu. Kila bandari ina mwendo wake wa kuripoti, na mwendo huo haubadilikibadiliki sana. Ukiujua utajua ni lini ukimya ni wa kawaida na ni lini ukimya ni habari. Mimi nimejifunza kutegemea jambo hili kuliko mstari wowote mmoja.

Weka daftari lako

Ukurasa wa trakingi haukumbuki. Tarehe ikibadilishwa, ya zamani inafutika, na mstari wa mpango unaweza kutoweka bila maelezo. Kwa hiyo andika mwenyewe kila unachokiona pamoja na siku uliyokiona. Faili la Excel linatosha, hata daftari la karatasi. Hili ndilo langu la kontena la mzee lilivyokuwa asubuhi ile:

```
Mahali | Tukio    | Alama | Tarehe yake | Nimeiona
CNYTN  | kupakiwa | ACT   | 06/03 01:15 | 06/03
LKCMB  | kushuka  | ACT   | 16/03 04:20 | 18/03
LKCMB  | kupakiwa | PLN   | 20/03       | 18/03
TZDAR  | kufika   | EST   | 01/04       | 06/03
```

Angalia mstari wa mwisho. Tarehe 1 Aprili niliiona tangu tarehe 6 Machi, siku meli ya kwanza ilipong'oa nanga Yantian, na haikuwa imesogea hata kidogo. Makadirio yasiyosogea kwa siku 17, kwenye safari ya kubadilisha meli njiani, ujue hakuna aliyeyagusa.

Sasa mstari wa tatu. Ni tarehe 23, na bado kuna mpango wa tarehe 20. Mpango ambao siku yake imepita bila kugeuka `ACT` ni ama taarifa iliyochelewa, ama jambo ambalo halikufanyika. Kazi iliyobaki ni kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Itafute meli yenyewe

Meli zote za kimataifa kuanzia tani jumla 300 zinatakiwa kuwa na AIS, chombo kinachotangaza redioni jina la meli, mahali ilipo, mwendo na uelekeo. Ikiwa safarini inatangaza kila baada ya sekunde chache, ikiwa imetia nanga kila dakika tatu. Zipo tovuti zinazokusanya matangazo hayo, na huduma yao ya bure inatosha kwa kazi hii.

Nikaingiza namba ya `IMO` ya meli ya pili. Iliondoka Colombo tarehe 20 saa kumi na mbili jioni na sasa ilikuwa imeingia ndani ya Bahari ya Hindi. Basi hesabu ikawa hivi: kama kontena lilikuwamo, lilipakiwa kabla ya meli kuondoka. Tangu kuondoka zimepita saa 63. Bandari hiyohiyo, kwa kontena hilohilo, iliripoti kushuka baada ya saa 50. Muda wa uvumilivu umekwisha. Nikaandika pembeni ya mstari: huenda limeachwa.

Tahadhari mbili kuhusu AIS. Mitambo ya pwani inasikia meli zilizo karibu tu, na katikati ya bahari unahitaji setilaiti, ambayo huduma za bure mara nyingi hazikupi. Ukiona meli imesimama mahali pamoja kusini mwa India kwa siku tatu, angalia ni lini ilisikika mara ya mwisho kabla hujasema imeharibika. Pia, bandari inakokwenda na tarehe ya kufika zinazoonekana kwenye AIS zinaandikwa kwa mkono na ofisa wa meli. Anaweza kusahau kuzibadilisha, ukakuta meli iliyotoka Colombo bado inaandika kwamba inakwenda Colombo. Mahali ilipo inatokana na GPS, amini. Tarehe ya kufika imeandikwa na mtu aliyechoka, ipime kwanza.

Jambo kubwa kuliko yote: AIS inakuambia meli ilipo. Haikuambii nini kimo ndani yake.

Uliza swali linalojibika

Ukiwaandikia kampuni ya meli "kontena langu liko wapi", atakayejibu atafungua ukurasa uleule ulioufungua wewe na kukunakilia. Niliandika hivi badala yake: kontena namba fulani lilishushwa Colombo tarehe 16, lilipangiwa meli fulani iliyoondoka tarehe 20, sioni taarifa ya kupakiwa, tafadhali thibitisheni kwa gati la Colombo kama lilipakiwa, na kama halikupakiwa limepangiwa meli ipi.

Jibu lilikuja tarehe 24. Meli ilijaa, kontena limeachwa, litapanda meli ya wiki inayofuata. Ukurasa wa mtandaoni ulibadilika tarehe 25 na kuonyesha makadirio mapya, tarehe 7 Aprili. Mzee alikuwa bado hajakopa.

Hapa nchini una shahidi mwingine, naye ni manifesti, orodha ya mizigo iliyomo melini. Wakala wa meli huituma kwenye mfumo wa forodha kabla meli haijafika, na wakala wako wa forodha anaweza kuona kama hati yako imo. Ni ushahidi mzuri, lakini si wa mwisho, maana manifesti huandaliwa kutokana na nyaraka. Kontena lililoachwa dakika ya mwisho linaweza kubaki kwenye orodha mpaka marekebisho yafanyike.

Hesabu makadirio yako

Kontena lilipakiwa tarehe 28 na safari hii taarifa ilionekana tarehe 30, kama daftari lilivyotabiri. Meli iliondoka tarehe 29. Kutoka Colombo hadi Dar ni kama maili za baharini 2,600. Kwa mwendo wa noti 15, yaani maili 15 kwa saa, meli inakata maili 360 kwa siku, kwa hiyo safari ni siku saba na kitu. Nikaandika tarehe 5 Aprili.

Kampuni ya meli inasema tarehe 7, AIS nayo inasema tarehe 5 kama hesabu yangu. Nani mkweli? Wote wawili, kwa sababu neno kufika lina maana mbili. Kwa nahodha, kufika ni kukaribia bandari na kutia nanga nje. Kwa kampuni ya meli, mara nyingi ni kufunga gatini. Meli ilitia nanga tarehe 5 ikangoja, ikafunga gati usiku wa tarehe 8. Tarehe zikipishana hivi, usichague moja na kuitupa nyingine. Uliza kila moja inazungumzia kufika kupi, halafu angalia orodha ya bandari ya meli zilizo nje na zilizo gatini uone foleni ina urefu gani. Mteja mpe tarehe ya kushushwa kontena, maana hiyo ndiyo inayogusa mfuko wake.

Saa za usiku

Kontena la mzee lilishuka Dar saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 10 Aprili. Kijana wa gatini alinitumia ujumbe: "Imeshuka usiku wa tarehe 9 saa 7:30." Gati limeandika `10/04 01:30`. Ukurasa wa kampuni ya meli uliandika `09/04 22:30`, bila kusema ni saa za wapi. Watu watatu, tukio moja, na mtu asiyejua angesema mmoja wao anadanganya.

Ile 22:30 ni saa za Greenwich, ongeza tatu unapata 01:30 ya hapa kwetu. Ujumbe wa kijana ni saa ya Kiswahili, na usiku ule kwake ni wa siku iliyotangulia. Kwa ofisi yangu niliweka kanuni: kila saa inaandikwa kwa mtindo wa saa 24 za Dar, na kila ujumbe wa usiku unaulizwa "kuamkia tarehe ngapi?"

Tofauti hii ya saa tatu ina bei. Ukipewa siku 7 za bure zinazohesabiwa kuanzia siku inayofuata kushushwa, tarehe 9 inakupeleka hadi tarehe 16, na tarehe 10 inakupeleka hadi 17. Nilipata bili ya demureji, yaani tozo ya kuzidisha siku za bure, iliyohesabu kutoka tarehe 9. Niliambatisha taarifa ya gati, na siku moja ikaondolewa.

Trakingi inapoishia

Lori likishatoka getini, kampuni ya meli haioni tena mpaka kontena tupu lirudi. Kama mzigo ni wa transiti, tuseme unapita Tunduma kwenda Lubumbashi, lori hufungwa lakiri ya kielektroniki inayofuatiliwa na forodha. Data hiyo ni ya forodha, haiendi kwenye ukurasa wa kampuni ya meli, kwa hiyo ukurasa kuganda kwenye "limetoka getini" kwa wiki mbili hakumaanishi lori limepotea. Hapo mpigie dereva, na mwenye lori akuonyeshe GPS yake.

Tukio la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote: kurudisha kontena tupu. Yadi za kontena tupu, kwa uzoefu wangu, ndizo zinazochelewa zaidi kuripoti, kwa sababu mwenye mzigo amekwisha ondoka na hakuna anayeulizia. Lakini saa ya gharama za kulikalia kontena inaendelea kutembea mpaka mstari huo uandikwe. Dereva akirudisha, apige picha tatu: karatasi ya mapokezi ikiwa na mhuri, namba ya kontena ubavuni, na geti la yadi. Atume zote palepale, kabla hajaondoka, ili muda wa ujumbe nao uwe shahidi.

Kontena la mzee lilirudishwa tarehe 22 Aprili. Mtandaoni likaonekana limerudi tarehe 26, na bili ikaja ikiwa na siku nne za ziada. Picha zilikuwa kwenye simu yangu, na mzee hakulipa siku hizo.